Mteja wa ughaibuni anayetaka picha ya kila tofali

Kwa sisi tunaojengea watu walio nje ya nchi, mteja wa aina hii si mgeni. Anaishi Marekani, Uingereza au Oman, nyumba yake inajengwa Kigamboni au Kibaha, na simu yako inaita tangu alfajiri. Anataka picha ya tofali, picha ya mchanga, picha ya fundi akichanganya udongo. Anataka aulizwe kabla hamjachimba, kabla hamjapanga, kabla hamjanunua misumari. Mkikaa saa tatu bila ujumbe, anatuma alama za kuuliza tupu. Kazi inaanza kusimama, na msimamizi anayepokea simu 15 kwa siku hana tena muda wa kusimamia.

Kabla ya kumlaumu, soma jumbe zake za wiki ya kwanza zote kwa pamoja, maana ukizipanga utaona zinauliza mambo matatu tu. La kwanza ni pesa: niliyotuma imekuwa nini? La pili ni kile kitakachofichwa: mkishamwaga zege nitajuaje ndani mna nini? La tatu ni siku: kesho mko wapi? Mteja mmoja anauliza la pesa kwa namna 20 tofauti, mwingine haulizi pesa kabisa ila hana usingizi kuhusu nondo. Dawa yao si moja. Ukimtumia picha 30 za ukuta mtu ambaye shaka yake ni mifuko ya saruji, atakuomba picha nyingine 30 kesho, kwa sababu alichouliza bado hakijajibiwa.

Na mara nyingi shaka hiyo ina historia. Wengi wao walishatuma pesa kwa ndugu, wakaonyeshwa picha za nyumba ya mtu mwingine, wakaja likizo wakakuta kiwanja kina majani. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "mama, usiwe na wasiwasi, niamini" umemtonesha kidonda, maana neno hilo hilo ndilo aliloambiwa mara ya kwanza. Mpe kitu anachoweza kukihesabu mwenyewe.

Nitaeleza kwa kazi moja: nyumba ya vyumba vitatu, jamvi, yaani sakafu ya zege ya chini, la mita 11 kwa 9, mwenye nyumba ni mama anayefanya uuguzi Minnesota. Aliingia kwenye kazi akiwa na sharti kwamba hakuna hatua itakayofanyika bila yeye kusema ndiyo.

Jambo la kwanza lililopaswa kurekebishwa ni sharti hilo lenyewe, kwa sababu linachanganya vitu viwili. Kuna taarifa, ambayo anapewa lakini kazi haimsubiri. Kuna idhini, ambayo kazi inasimama mpaka atoe. Mteja asipotenganishiwa, kila taarifa anaigeuza idhini: umemwambia mchanga umefika, anakwambia msiutumie mpaka auone vizuri. Kumwambia apunguze maswali hakusaidii. Kinachosaidia ni kukaa naye kabla ya kuanza na kuandika kwenye mkataba ni wapi hasa kazi itasimama kumsubiri, na kwamba kwingine kote haitasimama.

Tunatumia kipimo kimoja kupanga vituo hivyo: kazi inayokwenda kufunikwa. Tofali la ukuta lililopandwa vibaya linaonekana kesho na linatolewa. Nondo iliyokosewa ndani ya zege haionekani tena, na kuirekebisha ni kuvunja. Hata mikataba mikubwa ya ujenzi inafuata njia hiyo. Kifungu cha 7.3 cha masharti ya mwaka 1999 ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, kinamtaka mkandarasi amjulishe mhandisi kazi inapokuwa tayari kabla haijafunikwa, na mhandisi naye aje kukagua bila kuchelewa au aseme hana haja ya kukagua. Mkandarasi akifunika bila kutoa taarifa, anafunua kwa gharama yake akitakiwa. Angalia kwamba pande zote mbili zimefungwa: mmoja halazimiki kungoja milele, mwingine hafichwi kitu.

Kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa vituo vinatosha sita. Kituo cha kwanza ni kamba za msingi zikishapimwa na kabla ya kuchimba. Kisha mitaro na nondo kabla ya zege la msingi. Kisha jamvi kabla ya kumwagwa, pale kifusi kimeshashindiliwa, dawa ya mchwa imepigwa, nailoni imetandikwa na mabomba ya chini yamelala. Kituo cha nne ni nondo za linta. Cha tano ni mbao za paa kabla ya bati. Cha mwisho ni mabomba ya maji na ya umeme ukutani kabla ya plasta. Mama yule alitaka vituo 22. Tulipopitia kimoja kimoja na kumuuliza, "hiki kikikosewa, kinaweza kuonekana na kurekebishwa kesho yake?", 16 alivitoa yeye mwenyewe. Ni muhimu avitoe yeye. Ukivifuta wewe ataona umemfungia mlango.

Kila kituo kiwe na kitu cha kupima, siyo kutazama tu. Kwenye kamba za msingi, picha ya kamba haimwambii chochote, kwa sababu pembe iliyopinda kidogo haionekani kwa macho. Unachomtumia ni vipimo vya pembe kwa pembe. Nyumba ya mita 11 kwa 9 ikiwa na pembe sawasawa, urefu kutoka kona hadi kona ya mkabala ni mita 14.21 pande zote mbili. Unapiga picha ya futi ikisoma namba hiyo kona ya kwanza, halafu kona ya pili. Zikitofautiana kwa sentimita tatu, mraba umepinda na mnarudia kabla jembe halijagusa ardhi. Mama wa Minnesota aliweza kukagua hilo kwa kikokotoo cha simu yake, na hakuwahi kuuliza tena kuhusu kamba.

Picha za nondo zina utaratibu wake pia. Piga moja ya mbali inayoonyesha mahali palipo na kitu kinachotambulika, kama mti wa jirani au ukuta wa fensi, ili ajue ni kiwanja chake. Halafu ya karibu, futi ikiwa imelazwa juu ya nondo, ionekane stirapu, vile vyuma vyembamba vinavyozungushwa kufunga nondo, zimeachana sentimita ngapi. Ya tatu iwe ya ubavuni, ionyeshe biskuti za zege zilizoinua nondo kutoka ardhini. Biskuti ndizo zinazosahaulika kuliko kitu kingine chochote. Nondo ikilala kwenye udongo haifunikwi na zege upande wa chini, inapata unyevu, inashika kutu, kutu inavimba na kupasua zege baada ya miaka. Picha ya juu haiwezi kuonyesha kosa hilo. Fundi mwaminifu na fundi mvivu watatoa picha ya juu inayofanana.

Sasa muda. Watu wengi wanaona tofauti ya saa ndiyo tatizo, lakini ikipangwa vizuri inasaidia. Kipindi cha kiangazi cha Marekani, Minnesota iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa 8. Majira ya baridi inakuwa 9. Ukimuuliza swali saa 3 asubuhi, kwake ni saa 7 usiku. Amelala, mafundi wamekaa. Ukituma saa 10 jioni, kwake ni saa 2 asubuhi, anaamka anakuta kila kitu. Ana mchana wake mzima wa kuangalia, na akijibu kabla ya kulala saa 4 usiku, kwako ni saa 12 asubuhi. Mafundi wanaingia na jibu lipo. Kwa hiyo kanuni ikawa moja: swali lolote linaondoka saa 10 jioni, jibu linahitajika kabla ya saa 12 asubuhi, na hakuna swali linaloulizwa mafundi wakiwa wameshika chepe.

Ujumbe wenyewe ulikuwa mmoja kwa siku, wenye sura ile ile, ili aweze kuusoma akiwa kwenye basi. Huu ni mfano wa siku moja kabla ya kutandika nailoni:

"Mama, shikamoo. Jumanne. Leo tumemaliza kushindilia kifusi vyumba viwili vya nyuma na sebule. Saruji: asubuhi ilikuwepo mifuko 12, imeingia 70, imetumika 3, imebaki 79. Kesho: dawa ya mchwa na kutandika nailoni. Jibu tunalohitaji: bomba la choo cha wageni litoke ukuta wa kushoto kama ramani inavyoonyesha, au libadilike? Jibu likifika kabla ya saa 12 asubuhi tutafuata utakavyosema. Lisipofika tutafuata ramani."

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyookoa kazi. Swali lisilosema kitakachotokea bila jibu linamwachia mteja azuie kazi kwa kunyamaza tu. Mkataba useme wazi kwamba kwa mambo yaliyomo kwenye ramani, kimya kina maana ya kufuata ramani. Lakini usiipanue kanuni hiyo. Kitu kinachoongeza gharama au kinachobadilisha nguzo, linta au msingi, kimya chake kina maana ya hapana, na vituo sita vya ukaguzi vinabaki vya kusubiri jibu la maandishi. Mkandarasi anayetumia kimya cha mteja kuongeza bei anastahili kusumbuliwa.

Hesabu ya saruji kwenye ujumbe ule nayo haikuwekwa kwa mapambo. Kwa mama yule swali kubwa lilikuwa pesa, na saruji ndiyo inayoibiwa kirahisi. Siku mbili kabla ya jamvi alitumiwa hesabu: mita 11 kwa 9 kwa unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 9.9. Zege la moja kwa mbili kwa nne linakula karibu mifuko sita na nusu ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo mifuko 64 na kitu. Ongeza asilimia 5 ya upotevu, inakuwa 68. Alipewa namba hiyo kabla, akaihakiki, akaikubali. Baada ya kumwaga alitumiwa picha ya mifuko mitupu imefungwa kumi kumi kwa waya, mafungu 6 na mingine 8 pembeni. Namba iliyokubaliwa kabla inaondoa ugomvi ambao namba ile ile ikitajwa baadaye ingeuwasha.

Hapa pana mtego ambao wengi hawauoni. Kifusi kisipokuwa sawa, jamvi likatoka na wastani wa sentimita 11 badala ya 10, umeongeza karibu mita moja ya ujazo kwa eneo la mita za mraba 99. Hiyo ni zaidi ya mifuko sita. Hakuna aliyeiba, lakini mteja mwenye hesabu mkononi ataona mifuko sita imepotea, na hutakuwa na la kumwambia. Ndiyo sababu siku ya ukaguzi wa kifusi tunavuta kamba ya usawa na kupima kina sehemu mbalimbali za kila chumba, tunaandika, tunamtumia. Kikionekana kina cha sentimita 12 mahali, mnajaza na kushindilia kabla ya kutandika nailoni, au mnamwambia mapema kwamba saruji itazidi na kwa nini.

Siku ya zege yenyewe ina kanuni yake: hakuna idhini inayoombwa wala kupokelewa mashine ikishaanza kuzunguka. Mteja aelezwe sababu, na akielezwa vizuri anaelewa. Saruji ikishakutana na maji inaanza kushika, na kwa joto la pwani ndani ya saa moja au moja na nusu zege linakuwa gumu kufanyia kazi. Akipiga simu kusema "simamisheni kwanza niangalie kitu", zege lililo chini linakauka huku jipya halijaja, na mstari pale yanapokutana haushikani sawasawa. Baadaye ufa unafuata hapo hapo. Mafundi wakijaribu kulifufua zege lililoanza kushika kwa kuliongezea maji, ni kosa la pili, kwa sababu maji ya ziada yanapunguza nguvu zake. Kama ni lazima kusimama, simamieni kwenye mstari wa ukuta, mzibe kwa ubao ulionyooka, na kesho mkwaruze ule uso, muusafishe na kuulowesha kabla ya kuendelea.

Kuna na hesabu ya pesa anayopaswa kuijua kabla. Kwa bei za kazi ile, siku ya jamvi ilikuwa na vibarua 14 kwa shilingi 20,000 kila mmoja, mafundi wawili kwa 40,000, na mashine ya kuchanganyia pamoja na vaibreta kwa 140,000. Jumla 500,000. Mkataba ulisema kwamba kituo kikishakubaliwa na kazi ikasimamishwa na mteja bila kosa la mafundi, gharama ya siku hiyo ni yake. Hajawahi kuilipa. Ilitosha kuiona imeandikwa.

Linalobaki kuwa gumu ni mteja kumpigia fundi moja kwa moja. Anapata namba yake, anampigia jioni: "Fundi, hebu sogeza dirisha la jikoni kidogo." Fundi hawezi kumkatalia mwenye nyumba, anasogeza, linta inayofuata haikai pale ilipopangwa, na hakuna aliyeandika. Kukataza hakufanyi kazi, kwa sababu nyumba ni yake. Kinachofanya kazi ni jibu moja ambalo mafundi wote wanalijua: "Sawa mama, nimekusikia. Naomba umwambie msimamizi aiandike, nami nitaifanya kesho asubuhi." Jibu hilo halimvunjii heshima na halimpi fundi mzigo wa kuamua. Msimamizi naye anaiandika kwenye daftari la mabadiliko: kitu gani, kinaongeza au kupunguza shilingi ngapi, kinaongeza siku ngapi, na mteja amejibu tarehe gani. Mabadiliko mengi yanakufa yenyewe mteja akishaona safu ya siku na ya shilingi. Yaliyobaki ni yale anayoyataka kweli, na hayo yafanyeni kwa moyo wote.

Jumbe za sauti zichukuliwe kwa tahadhari ile ile. Mteja akikuachia sauti ya dakika nne yenye maagizo matano, mjibu kwa maandishi: "Mama, nimeelewa hivi," kisha uyaorodheshe. Baada ya miezi mitatu hakuna atakayeitafuta sauti hiyo, na nyote mtaikumbuka tofauti.

Akimtuma shemeji au kaka aje kukagua, mpokeeni. Lakini mumuulize mteja kwa maandishi kama mtu huyo anatazama tu au anaweza pia kuamua. Bila hivyo shemeji ataamuru, mteja atakanusha, na ukuta utakuwa umeshavunjwa.

Picha pia zina mwisho wake, na ni haki mteja aambiwe. Picha haionyeshi kama kifusi kimeshindiliwa kwa tabaka za sentimita 15 au kimemwagwa chote mara moja. Haionyeshi uwiano wa zege. Kwa mteja ambaye shaka yake ni ubora, pendekeza yeye mwenyewe atafute mhandisi asiyehusiana nanyi, amlipe yeye, aje kwenye vituo vile sita tu. Kama ni ghorofa, zege la nguzo lichukuliwe sampuli kwenye maboksi ya milimita 150 na zipimwe maabara zikifikisha siku 7 na 28. Karatasi moja ya maabara inajibu kile ambacho picha 100 haziwezi. Mkandarasi anayekwepa pendekezo hilo ajiulize anaogopa nini.

Utajuaje utaratibu umeshika? Maswali yanabadilika. Kwa mama yule, wiki mbili za mwanzo zilikuwa za "mko wapi?" na "mbona kimya?". Kufikia linta alikuwa anauliza kama stirapu za kona zimefungwa sawa na zile za katikati, swali la mtu aliyeisoma picha. Swali la namna hiyo lijibiwe siku hiyo hiyo na kwa ukamilifu, hata kama limekuja nje ya saa 10 jioni.

Na wapo ambao utaratibu hauwashiki. Unawatambua kwa ishara moja: wanabadilisha walichokwisha kukiidhinisha kwa maandishi, na wanakataa kulipa gharama ya mabadiliko hayo. Hapo si suala la taarifa tena. Malizeni hatua mliyolipwa, hesabuni vifaa vilivyobaki mbele ya mtu wake, mpige picha ghala lote, wote wawili mtie saini kwenye orodha, na mumkabidhi kiwanja kabla ya hatua inayofuata kuanza. Kuachana mwisho wa linta kunawezekana bila kesi. Kuachana nusu ya paa, mbao zikiwa juu na bati halijaja, kunawaumiza wote wawili, na mvua ikinyesha kila mmoja atasema ni kosa la mwenzake.